Nani Aombe, Nani Achague, Nani Apokee, Nani Alipe

Mwaka 2015 Wakenya walishtuka kusikia kwamba serikali ya kaunti ya Bungoma ilinunua toroli kumi, kila moja kwa zaidi ya shilingi 109,000 za Kenya. Toroli ya kawaida dukani iliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Fedha za serikali hazitoki bila karatasi na saini, kwa hiyo mtu anayeshughulika na manunuzi hujiuliza swali moja mbele ya habari kama hiyo: waliosaini walitakiwa kukagua nini, na nani kati yao alitakiwa kusema kwamba bei hii haiwezekani?

Sera ya manunuzi ni jibu la swali hilo, lililoandikwa kabla fedha hazijatoka. Taasisi za serikali hazijitungii sera hiyo kuanzia mwanzo. Tanzania ina Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024, na zabuni za umma hupita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015 na kanuni za mwaka 2020. Lakini shule binafsi, chama cha akiba na mikopo, zahanati ya kanisa, taasisi ya msikiti au shirika lisilo la kiserikali hujiandikia sera yake, na bodi ndiyo inayoipitisha. Hapo ndipo mengi huharibika, kwa kuwa njia rahisi ni kuomba sera ya shirika jingine, kubadilisha jina kwenye jalada na kuipeleka kikaoni.

Sera ya kunakili huja na viwango vya mwenzako. Viwango hivyo vilipangwa kwa ukubwa wa bajeti yake, idadi ya wafanyakazi wake na umbali wa maduka yake. Sera ya kwako inatakiwa kutoka katika daftari lako la malipo.

Anza na malipo ya mwaka jana

Tuchukue mfano wa kufikirika, wa shirika lenye wafanyakazi kumi na mmoja linaloendesha chuo kidogo cha ufundi katika mji wa mkoani Tanzania. Mhasibu anachapisha orodha ya malipo yote ya bidhaa na huduma ya mwaka uliopita, bila mishahara, na kuyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Yanapatikana malipo 412 yenye jumla ya shilingi milioni 340.

Malipo 240 kati ya hayo hayazidi shilingi 200,000 kila moja: sabuni, karatasi, nauli za bodaboda, vipuri vidogo. Yote kwa pamoja ni shilingi milioni 18. Malipo mengine 128 yako kati ya shilingi 200,000 na milioni 2, jumla yake milioni 84. Yanayofuata ni 38, kati ya milioni 2 na milioni 10, jumla milioni 148. Juu kabisa yako malipo sita yanayozidi milioni 10, jumla milioni 90.

Ukitazama namba hizo kwa utulivu, sera inaanza kujiandika. Zaidi ya nusu ya malipo yote yamebeba kama asilimia tano tu ya fedha. Upande wa pili, malipo 44 ya makundi mawili ya juu, yaani kama moja katika kila tisa, yamebeba shilingi milioni 238, asilimia 70 ya fedha zote. Ukaguzi mkali unatakiwa kukaa juu ya hayo 44. Ukiusambaza sawasawa juu ya malipo yote 412, mkurugenzi atapelekewa karatasi za sabuni na karatasi za jenereta katika faili moja, na atazisaini zote kwa kasi ileile.

Hili ndilo kosa ninaloliona limeota mizizi kuliko mengine. Bodi hudhani kwamba kushusha viwango ni kukaza ulinzi, ikaamuru kila kinachozidi shilingi 50,000 kipite kwa mkurugenzi na kiwe na profoma tatu. Matokeo yake ni kinyume. Dereva anazunguka mji nusu siku kutafuta profoma tatu za wino wa mashine ya kuchapa, na mafuta aliyochoma yanamaliza nafuu yoyote ambayo ingepatikana. Baada ya miezi michache watu wanachoka, na profoma ya pili na ya tatu zinaanza kuletwa na muuzaji yuleyule wa kwanza. Kanuni isiyotekelezeka hufundisha watu kughushi.

Ngazi nne

Kwa shirika letu la mfano, ngazi zinaweza kuandikwa hivi.

Hadi shilingi 200,000, ununuzi hulipwa kwa masurufu. Mkuu wa idara anaidhinisha, bei haishindanishwi, na risiti ya kielektroniki inarudi kwa mhasibu ndani ya siku tatu.

Zaidi ya 200,000 hadi milioni 2, ofisa ununuzi anauliza bei kwa wauzaji watatu. Anaweza kuuliza kwa simu au kwa ujumbe, mradi aandike kwenye fomu jina la duka, namba ya simu, tarehe na bei aliyotajiwa. Anayeidhinisha ni mkuu wa mradi ambao bajeti yake ndiyo itakayolipa.

Zaidi ya milioni 2 hadi milioni 10, zinahitajika profoma tatu za maandishi kutoka kwa wafanyabiashara wenye namba ya mlipakodi. Kamati ya watu watatu inazilinganisha na kupendekeza, na mkurugenzi anaidhinisha.

Zaidi ya milioni 10, zabuni inatangazwa, bahasha zinapokelewa zikiwa zimefungwa na kufunguliwa siku moja mbele ya kamati. Mkurugenzi anaidhinisha pamoja na mweka hazina wa bodi.

Baada ya ngazi hizo sera ieleze jambo moja ambalo wengi hulisahau: kiasi kinachopimwa ni kipi hasa? Sentensi ya sera iwe ya namna hii: "Thamani ya ununuzi ni jumla ya mahitaji yote ya aina moja yanayojulikana kwa mwaka wa fedha, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, usafiri na ufungaji." Bila sentensi hiyo, mkataba wa intaneti wa shilingi 250,000 kwa mwezi utaonekana mdogo kila mwezi, wakati kwa mwaka ni milioni 3 na ulistahili kwenda kwenye kamati.

Sentensi hiyohiyo ndiyo inayozuia kugawanya manunuzi. Tuseme chuo kinahitaji madawati 30, kila moja shilingi 145,000. Jumla ni 4,350,000, ngazi ya tatu. Mtu anayetaka kukwepa kamati anaagiza madawati 13 leo kwa 1,885,000, mengine 13 wiki ijayo, na manne yaliyobaki mwisho wa mwezi. Kila agizo liko chini ya milioni 2, na kila karatasi peke yake imenyooka. Ujanja huu hauonekani ndani ya faili moja. Unaonekana ukipanga malipo kwa jina la muuzaji na tarehe. Ukikuta malipo mengi ya kati ya milioni 1.8 na milioni 2, kisha karibu hakuna kati ya milioni 2 na milioni 2.3, ujue kuna watu wanatembea kwa kukanyaga ukingo wa kiwango. Mweka hazina wa bodi anaweza kuomba orodha hiyo kila robo mwaka na kuisoma kwa dakika chache.

Profoma tatu zinazoshindana kweli

Idadi ya profoma ni sehemu rahisi ya kuandika na ngumu ya kusimamia. Sera nyingi husema "tatu" na kunyamaza. Kumbe kinachotakiwa ni ushindani, na karatasi tatu zinaweza kupatikana bila ushindani wowote.

Njia ya kawaida ya udanganyifu ni fupi. Fundi aliyekwisha kuchaguliwa kimyakimya anaambiwa alete na nyingine mbili. Anawaomba rafiki zake mihuri, au anatengeneza karatasi mwenyewe, bei zikiwa juu kidogo ya yake. Dalili zake zinafahamika: tarehe moja kwa zote tatu, kosa lilelile la tahajia katika jina la bidhaa, mpangilio uleule wa safu, sanduku la posta moja, au namba ya simu ya muuzaji mmoja kwenye karatasi ya mwingine. Dalili nyingine huchukua muda zaidi kuonekana: maduka mawili yaleyale hushindwa kila mara, na hayajawahi kupewa hata agizo moja.

Sera izuie hilo kwa utaratibu. Aliyeomba bidhaa asiruhusiwe kukusanya bei. Ofisa ununuzi apeleke maombi ya bei kwa wauzaji wote kwa maneno yaleyale, yenye vipimo vilevile, na siku moja ya mwisho ya kujibu. Mhasibu naye, kabla hajaandaa malipo ya ngazi ya tatu, achague mmoja wa walioshindwa, apige simu kwa namba aliyoitafuta mwenyewe na kuuliza kama kweli walitoa bei hiyo. Simu hiyo moja hugharimu dakika tano.

Kazi ya kulinganisha nayo ina mitego yake. Turudi kwenye madawati. Muuzaji wa kwanza ameandika shilingi 138,000 kwa dawati, na kwa jicho la haraka yeye ndiye wa bei ya chini. Lakini bei yake haina kodi ya ongezeko la thamani. Madawati 30 ni 4,140,000, na ukiongeza asilimia 18 inakuwa 4,885,200. Wa pili ameandika 145,000 pamoja na kodi, na usafiri 150,000, jumla 4,500,000. Wa tatu ameandika 152,000, kodi na usafiri vikiwa ndani, jumla 4,560,000. Aliyeonekana wa kwanza sasa ni wa mwisho. Ndiyo maana sera iamuru jedwali la ulinganisho lenye safu ya bei, kodi, usafiri, muda wa kuleta na dhamana, kisha jumla.

Katika jedwali hilo wa pili anampita wa tatu kwa shilingi 60,000 tu. Kama wa tatu anatoa dhamana ya mwaka mzima na wa pili hatoi kabisa, kamati inaweza kumpendelea wa tatu kwa haki kabisa. Sera iseme tu kwamba mshindi ni mwenye gharama ndogo kati ya waliotimiza vipimo, na kwamba anayemchagua mwingine aandike sababu na kuisaini. Sababu hiyo iwe imetajwa kwenye maombi ya bei tangu mwanzo. Dhamana inayokumbukwa baada ya bahasha kufunguliwa hutia shaka, hata kama waliopendekeza walikuwa na nia njema.

Hata ushindani wa kweli hauoni kitu kama wauzaji wote watatu wamekubaliana bei. Ulinzi wake ni makisio: kabla ya kuuliza bei, mwombaji na ofisa ununuzi waandike kwenye fomu ya maombi bei ya soko wanayoijua na walikoipata. Bei ya chini ikizidi makisio kwa zaidi ya asilimia 20, kwa mfano, kamati isimame na kuuliza upya. Toroli ya shilingi 109,000 ingegonga ukuta hapo, hata kama ingekuja na profoma tatu nadhifu.

Na kama mjini hakuna wauzaji watatu? Jambo hilo hutokea sana nje ya miji mikubwa, na sera isiyolitambua huwasukuma watu waaminifu kutengeneza karatasi za uongo. Iandikwe wazi: zikipatikana bei pungufu ya tatu, ofisa ataje aliowauliza, lini, na walijibu nini, na idhini ipande ngazi moja juu. Utaratibu huohuo utumike kwa kifaa kinachouzwa na wakala mmoja tu. Kwa dharura, sera itaje inachokiita dharura, mfano hatari kwa maisha au mali, na maelezo yaandikwe ndani ya siku mbili. Mwaka wa fedha kukaribia kuisha si dharura.

Mikono minne

Sasa tufike kwenye mgawanyo wa majukumu. Ununuzi mmoja una kazi nne: kuomba, kuchagua muuzaji, kupokea mzigo na kulipa. Juu yake kuna idhini. Fedha hupotea kirahisi mtu mmoja anaposhika mbili kati ya hizo, hasa akishika kuchagua na kupokea. Mwenye kazi hizo mbili anaweza kukubaliana na muuzaji bei ya madawati 30, akapokea 22, akasaini 30, na hakuna karatasi itakayomsuta.

Tufuate madawati yetu, wa pili akiwa ndiye mshindi. Mkuu wa mafunzo ameomba, ofisa ununuzi amekusanya bei, kamati imependekeza, mkurugenzi ameidhinisha. Ofisa ununuzi anatoa hati ya agizo: madawati 30, vipimo, bei, tarehe ya kuleta. Nakala inakwenda kwa mtunza stoo, lakini kuna mashirika ambayo huacha idadi wazi katika nakala hiyo ili mtunza stoo alazimike kuhesabu badala ya kunakili. Lori linafika. Mtunza stoo anahesabu 30, anakuta mawili yana miguu iliyovunjika, anayarudisha na kuandika kwenye hati ya kupokelea: yamepokelewa 28, yamekataliwa 2. Siku mbili baadaye ankara inakuja ikidai madawati 30.

Mhasibu anaweka karatasi tatu mezani: agizo, hati ya kupokelea na ankara. Hazikubaliani, kwa hiyo halipi kama ilivyodaiwa. Anaomba ankara irekebishwe, kisha analipa madawati 28, yaani 4,060,000, pamoja na usafiri 150,000, jumla 4,210,000. Muuzaji akileta mawili yaliyobaki atalipwa kwa hati mpya. Hakuna aliyehitaji kumshuku mwenzake. Karatasi tatu zilizoandikwa na watu watatu tofauti zimefanya kazi yake.

Wengi husema shirika dogo halina watu wa kutosha kwa utaratibu huu. Ofisi ya watu watano inawezekana kabisa, mradi sera itaje makatazo machache yasiyosameheka na kuacha mengine yabadilike. Kwanza, hakuna anayeidhinisha ombi lake mwenyewe, mkurugenzi akiwemo. Ombi la mkurugenzi huidhinishwa na mweka hazina wa bodi. Pili, aliyechagua muuzaji hapokei mzigo. Pasipo mtunza stoo, apokee mwalimu au ofisa wa mradi mwingine. Tatu, anayeandaa malipo hawezi kuyatoa benki peke yake. Nne, mwenye undugu au biashara na muuzaji anatamka hivyo kwa maandishi na kutoka kwenye kamati kwa ununuzi huo.

Katazo la tatu ndilo linalovunjwa mchana kweupe. Mkurugenzi anasafiri, anasaini hundi tano zikiwa tupu na kumwachia mhasibu "kazi zisisimame". Au anamwachia nywila ya benki ya mtandaoni, au namba ya siri ya akaunti ya simu ya shirika. Kuanzia hapo sera inasema watu wawili, na ukweli ni mtu mmoja. Sera itaje mambo hayo kwa majina yake na iyakataze, kisha itoe njia halali: msaini mbadala aliyeteuliwa na bodi, aliye kituoni wakati mkurugenzi hayupo.

Mgawanyo wa majukumu una mpaka wake pia. Unamzuia mtu mmoja. Hauwazuii wanne waliokula njama. Kwa hiyo wajumbe wa kamati wabadilishwe kila mwaka, na mjumbe wa bodi achague mara kwa mara mzigo mmoja uliokwisha kulipwa, aende stoo au darasani na kuhesabu mwenyewe.

Kabla bodi haijapitisha

Rasimu ikishakamilika, ijaribiwe kwa malipo halisi. Chukua manunuzi kumi ya mwaka jana, makubwa kwa madogo, na uyapitishe kwenye sera mpya moja baada ya jingine: yangehitaji bei ngapi, nani angeidhinisha, nani angepokea, na ingechukua siku ngapi. Ukikuta mtu mmoja anatokea mara mbili katika ununuzi mmoja, au ununuzi wa siku mbili unageuka wa wiki tatu, rekebisha hapo kabla wafanyakazi hawajaanza kutafuta njia za pembeni. Wafadhili wakiwa na masharti yao, andika kwamba sharti kali zaidi ndilo litakalofuatwa kwa fedha zao. Na kwa kuwa bei hupanda, viwango vipitiwe kila mwaka kwa kupanga upya orodha ileile ya malipo.

Ewe mjumbe wa bodi, usisubiri mkaguzi wa nje. Kwenye kikao kijacho omba mafaili matatu ya malipo makubwa ya karibuni, uyachague mwenyewe. Tazama aliyeomba, aliyechagua, aliyepokea na aliyelipa. Ukikuta saini moja katika nafasi mbili, shirika lako bado halina sera ya manunuzi, hata kama kitabu chake kiko kabatini kikiwa na muhuri.